Tarehe Zifuate Mavuno: Barua ya Kuomba Kulipa Deni kwa Awamu
Mhadhara kwa wafanyabiashara wa Kilosa na Mikumi

Karibu kila duka la pembejeo kati ya Dumila na Mikumi, na karibu kila mgahawa unaohudumia barabara ile ya kwenda Zambia, huendeshwa kwa mali kauli. Msambazaji wa Morogoro au Dar es Salaam anapakia mzigo, mwenye duka anasaini ankara, na fedha inasubiri hadi mzigo uuzwe. Utaratibu huu umetulea, na hakuna sababu ya kuuonea haya. Ila kuna mwaka unafika ambapo tarehe ya ankara inapita na fedha haipo, na hapo wengi wetu hufanya mojawapo ya mambo mawili. Wapo wanaozima simu. Wapo wanaoandika barua ndefu ya kuomba radhi, iliyojaa unyenyekevu, ambayo msambazaji akiimaliza hajui atalipwa lini wala kiasi gani. Leo nitatetea hoja moja: barua ya kuomba muda hupimwa kwa tarehe na viwango vilivyomo, na tarehe hizo zinaaminika pale tu zinapotokana na fedha ambayo mwandishi anaweza kuonyesha inatoka wapi na inaingia mwezi gani. Maelezo ya shida yanahitajika, lakini kazi yake ni kueleza kwa nini tarehe ni hizo na si nyingine. Shida isiyobadilisha tarehe yoyote katika barua haina kazi humo.

Tuanze na shida zenyewe, kwa kuwa wilaya hii inazo za kweli na hakuna haja ya kuzitia chumvi. Mafuriko ya mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 yaliingiza maji ya Mkondoa katika makazi ya mji wa Kilosa, yakapeleka watu kambini na kuharibu reli ya kati kiasi cha kusimamisha treni kwa miezi. Januari 2014 maji yalikuja upande wa Magole na Dumila, daraja likakatika, na barabara ya Morogoro kwenda Dodoma ikafungwa. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi inazonunua nje, na bei kwa wakulima wetu ikaporomoka vibaya katika msimu huohuo. Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, Tanzania ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa kuanzia tarehe 11 Aprili hadi 18 Mei, na hata zilipoanza kuruka tena, wageni wa hifadhi hawakurudi kwa wingi uleule. Mambo haya yote msambazaji anayajua. Aliyasikia redioni, na pengine lori lake mwenyewe lilikwama. Kwa hiyo anayeandika kwamba “kutokana na mafuriko yaliyoikumba wilaya yetu hali ya biashara imekuwa ngumu” hajamwambia msambazaji kitu. Anachotaka kujua ni njia iliyopitiwa na maji hayo hadi kufika kwenye ankara yake: ni wateja gani walioguswa, walichukua mzigo wa kiasi gani, na wangapi kati yao bado wana kitu shambani.

Tuchukue duka la mfano, la kubuni lakini la aina tunayoifahamu. Ni duka la pembejeo mjini Kilosa, linalouza mbegu, mbolea, dawa za magugu na za mifugo. Linadaiwa na msambazaji mmoja wa Morogoro shilingi 9,600,000 kwa ankara tatu: ya shilingi 4,200,000 iliyopaswa kulipwa tarehe 15 Januari, ya shilingi 3,600,000 ya tarehe 31 Januari, na ya shilingi 1,800,000 ya tarehe 28 Februari. Mwenye duka naye aliwakopesha wakulima, na daftari lake linaonyesha anawadai shilingi 8,300,000. Katika hizo, shilingi 6,000,000 ziko kwa wakulima wa mashamba ya juu, ambako mahindi na ufuta vimesimama vizuri. Zilizobaki, shilingi 2,300,000, ziko kwa wa bondeni, ambao maji yalifukia mashamba yao kwa mchanga. Barua inaandikwa tarehe 2 Aprili.

Kwa mazoea yetu, barua ya duka hili ingesema: “Naomba nilipe deni lote kwa awamu sita za kila mwezi.” Inapendeza masikioni, na msambazaji anaweza kuikubali papo hapo. Gawanya sasa: shilingi 9,600,000 kwa sita ni shilingi 1,600,000 kwa mwezi. Awamu ya kwanza inaangukia mwisho wa Aprili, mvua za masika zikiwa zimepamba moto, mkulima akiwa amemaliza fedha yake na mavuno yakiwa mbali. Duka hilo wakati huo linauza dawa za mifugo, dawa za bustani na vifaa vidogovidogo. Tuseme linauza shilingi 4,000,000 kwa mwezi. Kununua upya mzigo uliouzwa kunakula shilingi 3,200,000, zinabaki shilingi 800,000. Pango, msaidizi, umeme na usafiri vinachukua 300,000, na nyumbani 200,000. Zimebaki shilingi 300,000. Aliyeahidi 1,600,000 atavunja ahadi katika mwezi wa kwanza kabisa, na sababu haitakuwa mafuriko wala uaminifu wake. Sababu ni kwamba aligawanya deni kwa idadi ya miezi badala ya kuligawanya kwa majira ya fedha. Na ahadi ya kwanza ikishavunjika, barua ya pili haisomwi.

Hesabu ya kweli inaanza upande wa fedha. Aprili, Mei na Juni duka linaweza kutoa shilingi 250,000 kila mwezi, na kubakiza 50,000 za dharura. Julai unaingia ufuta na mpunga, Agosti mahindi yanauzwa kwa wingi, Septemba mbaazi zinamalizikia pamoja na mahindi yaliyokuwa yamewekwa. Hapo ndipo wakulima wa mashamba ya juu watalipa. Je, watalipa shilingi 6,000,000 zote? Hakuna mwenye duka anayekusanya daftari lote. Tuhesabu sehemu nne kati ya tano, yaani shilingi 4,800,000, tukizitarajia hivi: Julai 1,200,000, Agosti 2,000,000, Septemba 1,600,000. Na wale wa bondeni? Katika barua wahesabiwe sifuri. Wengine watapanda mboga au mahindi kwenye unyevu ulioachwa na maji, watavuna na watalipa, na hilo litakuwa jambo jema likitokea. Lakini fedha isiyo na uhakika haiwekewi tarehe mbele ya mtu mwingine.

Kabla ya tarehe hizo kuna mambo mawili ya kufanywa sasa hivi. La kwanza ni mzigo uliobaki. Duka hili lina mifuko ya mbegu za mahindi ambayo haijafunguliwa, yenye lebo ya TOSCI, na katoni za dawa za magugu ambazo lakiri yake haijakatwa, vyote vya thamani ya shilingi 1,600,000 kwa bei ya ankara. Mbegu zikikaa chini ya bati la Kilosa hadi Novemba, uotaji unashuka na muda wa lebo unakwisha. Zikirudi Morogoro leo, msambazaji anaweza kuzipeleka kwa mteja mwenye maeneo ya umwagiliaji. Kwa hiyo barua inaomba zipokelewe na kukatwa kwenye deni, na inaambatanisha orodha yenye aina, namba ya toleo, idadi na tarehe ya mwisho wa matumizi. La pili ni fedha ya kuanzia: shilingi 1,000,000 inayolipwa siku ileile barua inapofikishwa, na stakabadhi ya benki ikiambatanishwa. Deni linashuka kutoka 9,600,000 hadi 8,600,000 kabla msambazaji hajajibu neno lolote, na hadi 7,000,000 akikubali kupokea mzigo. Nadhani hakuna sentensi ya kuomba radhi inayoweza kufanya kazi hiyo.

Zilizobaki, shilingi 7,000,000, zinajipanga zenyewe. Aprili, Mei na Juni ni 250,000 kila mwezi. Julai ni 1,450,000, Agosti 2,250,000, Septemba 1,850,000, ambazo ni makusanyo ya wakulima pamoja na zile 250,000 za duka. Oktoba na Novemba 250,000 kila mwezi, na Desemba 200,000 za kumalizia. Tazameni umbo lake: ni dogo mwanzoni, linavimba katikati, linanyauka mwishoni. Ofisa mikopo wa mjini angeliona la ajabu, lakini mtu anayesambaza pembejeo Morogoro anaijua kalenda hiyo kuliko sisi. Akiona Agosti ndiyo yenye fedha nyingi ataamini, kwa sababu ndivyo ilivyo kwa wateja wake wengine wote. Akiona viwango sawa kuanzia Aprili, atajua kwamba mwandishi hakupiga hesabu.

Sasa maneno ya barua yenyewe. Mtindo wetu wa kiofisi unataka anwani mbili, tarehe, na mstari wa “YAH:”. Sina ugomvi nao, mradi mstari huo ubebe kitu: “YAH: DENI LA SHILINGI 9,600,000 NA MPANGO WA KULILIPA HADI TAREHE 31 DESEMBA.” Halafu aya ya kwanza ikiri deni bila kuzunguka: “Ndugu Meneja, duka letu linadaiwa na kampuni yako shilingi 9,600,000 kwa ankara tatu zilizoorodheshwa hapa chini, na zote zimepita muda wake. Hatuna ubishi juu ya kiasi hiki.” Ikiwa ubishi upo, kwa mfano katoni mbili zilizofika zimevuja, usemwe hapo hapo pamoja na namba ya hati ya kupokelea mzigo, na kiasi kinachobishaniwa kitengwe. Malalamiko yakijitokeza mwezi wa tatu wa malipo, msambazaji atayaona kuwa ni ujanja hata kama ni ya haki.

Aya ya pili ieleze shida kwa kiasi kile kinachogusa hesabu: “Tuliwakopesha wakulima pembejeo za shilingi 8,300,000. Wanaodaiwa 2,300,000 kati ya hizo walipoteza mashamba kwa maji ya Januari, na hatutarajii kupokea chochote kutoka kwao mwaka huu. Waliobaki watavuna kuanzia Julai. Kosa la kukopesha zaidi ya uwezo wetu ni letu, na msimu ujao hatutakopesha mashamba ya bondeni.” Sentensi hiyo ya mwisho ni ngumu kuiandika, na wengi wataiondoa. Naishauri ibaki. Msambazaji anayesoma anajiuliza kama hali hii itajirudia, na hakuna mahali pengine katika barua panapojibu swali hilo. Tena, ukweli unaodaiwa hapa haufiki hadi ndani ya nyumba. Ugonjwa wa mzee, ada za watoto na msiba wa mjomba ni mambo ya kweli na mazito, lakini meneja wa mikopo hana namna ya kuyathibitisha, na ameshayasikia kwa wengi kiasi kwamba yanaipunguzia barua uzito.

Kinachofuata ni orodha ya tarehe na viwango, na chini yake ahadi tatu zilizosemwa kwa lugha kavu. Kwanza, kila mzigo mpya utanunuliwa kwa fedha taslimu hadi deni la zamani liishe. Pili, kila malipo ya mpango huu yataandikwa “deni la zamani” kwenye stakabadhi, ili yasichanganywe na malipo ya mzigo mpya. Jambo hili linaonekana dogo, lakini Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa mdaiwa haki ya kuelekeza malipo yake yaingie kwenye deni lipi. Asipoelekeza, na mazingira yasipoonyesha, mdai anaweza kuchagua mwenyewe. Nusu ya ugomvi wa madaftari hutoka hapo: mmoja anaamini amelipa ankara ya Januari, mwenzake ameiingiza fedha ileile kwenye mzigo wa Mei. Tatu, ikiwa awamu yoyote ina dalili ya kupungua, taarifa itatolewa siku saba kabla ya tarehe, na kwa vyovyote kiasi kisichopungua shilingi 250,000 kitalipwa siku hiyo.

Ahadi hii ya tatu ndiyo inayojibu pingamizi la kwanza ninalolitarajia, kwamba mkulima hana tarehe, mvua ni ya Mungu, na kwa hiyo kuahidi kwa uthabiti ni kujidanganya. Pingamizi lina ukweli ndani yake. Hakuna anayejua bei ya ufuta ya Julai ijayo, na walioweka matumaini kwenye mbaazi mwaka 2017 walikuwa na kila sababu ya kuyaweka. Lakini kutokuwa na uhakika wa mavuno hakufanyi kila shilingi iwe haina uhakika. Ile 250,000 haitegemei mavuno. Inategemea dawa za kuku na za nyanya zinazouzwa kila siku. Kwa hiyo ahadi inagawanyika: chini kuna kiwango ambacho hakitatikisika, juu yake kuna kiwango kinachofuata mavuno, na mdai ameambiwa kipi ni kipi. Anayesema “nitajitahidi” hajatofautisha hayo mawili, na ndiyo maana neno hilo halifai katika barua ya namna hii.

Wapo pia wanaofunga tarehe zao kwenye mlango wa mtu mwingine: “nitalipa nikishalipwa.” Mawakala wa pembejeo za ruzuku wa msimu wa 2015/16 ni ushahidi wa kutosha. Walitoa mbegu na mbolea kwa wakulima, wakabaki wanaidai serikali. Uhakiki wa madai ukafuata, suala likaulizwa bungeni mwaka baada ya mwaka, na wasambazaji waliowakopesha mawakala hao wakasubiri pamoja nao. Madai yale yanaweza kuwa halali kabisa, na bado yasiwe chanzo cha tarehe. Fedha ambayo mwandishi hana namna ya kuiharakisha itajwe katika barua kama nyongeza: ikija, deni litaisha mapema. Isipewe mwezi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na mara nyingi hutoka kwa watu wenye akili za kisheria. Wanasema kuandika barua ni kujitia kitanzi. Wako sahihi kuhusu sheria. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka sita kwa madai ya mkataba kufunguliwa mahakamani, na mdaiwa anapokiri deni kwa maandishi na kutia saini kabla ya muda huo kwisha, hesabu inaanza upya kuanzia siku ya kukiri. Barua yetu ya tarehe 2 Aprili ni kukiri kwa namna hiyo, na isitumwe na mtu asiyelijua hilo. Lakini tupime kilichopotea. Deni la ankara za Januari lingehitaji kufichwa kwa karibu miaka sita ili ukomo umsaidie mdaiwa, na ankara zenyewe zina saini yake tayari. Mwenye duka anayekusudia kuagiza mzigo Novemba hii hawezi kuishi kwa kujificha miaka sita kutoka kwa wasambazaji wa mkoa mmoja, ambao huzungumza wao kwa wao. Kinga anayoiacha ni ya mtu aliyekwisha amua kufunga duka. Anayeendelea na biashara anapata kitu badala yake: sheria ileile ya mikataba inamruhusu mdai kuongeza muda wa malipo, na nyongeza iliyoandikwa inaweza kuonyeshwa, wakati ile ya simu hukanushwa meneja anapohamishwa.

La tatu linatoka kwenye desturi. Wafanyabiashara wetu humalizana kwa kukaa na kuzungumza, na barua ya kiofisi inaweza kumshtua mzee aliyekukopesha kwa miaka bila karatasi. Atadhani umemwendea mwanasheria. Hili nalikubali kwa sehemu. Barua isitangulie peke yake. Iendwe nayo Morogoro, mazungumzo yafanyike kwa heshima zake zote, “shikamoo mzee” na habari za nyumbani kwanza, kisha karatasi itolewe mwishoni kama kumbukumbu ya yaliyozungumzwa. Lakini isiachwe nyumbani, maana mazungumzo ya ana kwa ana yana udhaifu mmoja unaojulikana: mbele ya mtu tunayemheshimu, tunaahidi kiasi anachotaka kukisikia. Mzee akisema “basi niletee milioni mbili mwisho wa mwezi,” ulimi unasema “sawa mzee” kabla kichwa hakijapiga hesabu. Karatasi iliyoandikwa usiku uliotangulia inamlinda mdaiwa dhidi ya adabu yake mwenyewe.

Msambazaji naye ana pingamizi lake, na barua nzuri inalifikiria kabla hajalisema. Akimpa mmoja miezi tisa, wateja wote wa Kilosa watataka miezi tisa. Yeye mwenyewe ana mkopo benki, na riba haisubiri ufuta. Haitoshi kumwomba awe na moyo. Kinachomsaidia ni kwamba mpango huu hauwezi kuigwa kwa urahisi: anayeutaka lazima aweke milioni moja mezani, arudishe mzigo, anunue kwa fedha taslimu, na aonyeshe daftari. Akiwapa masharti hayo wadaiwa wake wote, ataweza kuwatenganisha wanaoweza kulipa na wasioweza, jambo ambalo simu za kila wiki haziwezi kulifanya. Kuhusu riba, mwandishi asijifanye kwamba muda ni wa bure. Kama ankara ina kifungu cha tozo ya kuchelewa, barua iombe tozo isimame kuanzia siku ya malipo ya kwanza, maadamu awamu zinalipwa kwa tarehe, na irudi kuhesabiwa awamu ikikosekana. Sharti la namna hiyo linambana mwandishi, na linamfanya msomaji aamini yaliyobaki.

Mkitazama upande wa Mikumi, kalenda inageuka lakini hoja haigeuki. Mji ule unakula kutoka katika vyungu viwili. Barabara ya Zambia inapita katikati ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, na madereva wa malori na mabasi hula kila siku ya mwaka, masika na kiangazi. Watalii huja kwa wingi kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, na hupungua sana wakati wa masika njia za hifadhini zinapojaa tope. Mwenye mgahawa na vyumba vichache anayedaiwa na muuza nyama na muuza vinywaji atenge vyungu hivyo: awamu ndogo ya kila wiki kutoka kwa madereva, na kubwa za Julai hadi Oktoba kutoka kwa wageni waliokwisha lipia nafasi. Mwaka kama 2020, chungu cha wageni kilipokauka, aliyekuwa ameahidi kutokana na chungu cha barabara angeweza kuendelea kulipa kidogo. Aliyeahidi kwa jumla tu, bila kutenganisha, angelazimika kuvunja yote.

Limebaki suala la dhamana, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Msambazaji mwenye wasiwasi ataomba hati ya nyumba, na mdaiwa mwenye aibu atataka kuitoa ili kuonyesha nia njema. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hivyo, na anayeandika “naweka nyumba yangu” bila mke au mume kujua ameandika ahadi isiyo yake kuitoa. Kwa deni la shilingi 7,000,000 lenye mpango wa kueleweka, dhamana inayolingana ni mali ya biashara, kama mashine ya kusaga au pikipiki, au mdhamini mmoja anayejulikana na pande zote mbili. Vilevile mwandishi aseme kama ana wadai wengine. Hana haja ya kuwataja majina. Inatosha kuandika kwamba anadaiwa kiasi fulani kwingine, na kwamba mpango huu umehesabiwa baada ya kutenga malipo yao. Msambazaji atayajua hayo hata hivyo, na ni afadhali ayasome kwenye barua kuliko kuyasikia stendi ya Msamvu.

Barua ikikamilika, zipigwe nakala mbili. Moja inabaki kwa msambazaji, ya pili inarudi Kilosa ikiwa na saini yake, tarehe na muhuri, chini ya maneno machache: “Nimekubali mpango huu.” Akitaka kubadili kiwango, kibadilishwe kwa kalamu pale pale na wote wawili watie saini pembeni, na mdaiwa asikubali badiliko lolote kabla hajalirudisha kwenye hesabu ya mwezi husika. Akikubali kwa simu tu, atumiwe ujumbe mfupi siku hiyo hiyo wenye kiasi na tarehe zote, ili jibu lake libaki kwenye maandishi. Na asipojibu kabisa, kama inavyotokea mara nyingi, mwenye duka hana makubaliano bado. Ana barua ya kukiri deni na maombi yasiyojibiwa. Hata hivyo, tarehe 30 Aprili aende benki akalipe zile 250,000, aandike “deni la zamani” kwenye stakabadhi, na picha yake aitume Morogoro kabla ya saa za kazi kwisha.